Ulimi wa kitasa haushiki: tafuta alama kabla hujashika tupa

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, niliitwa Makorora hapa Tanga kuangalia mlango wa chumba. Mama mwenye nyumba alinipokea barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uuone huo mlango. Nikiufunga unarudi wenyewe. Usiku nauwekea kiti."

Nikamuuliza kama kuna fundi aliyewahi kuugusa. Akasema kuna kijana alikuja na tupa, akakwangua tundu la kwenye fremu, ukashika wiki tatu, kisha ukarudia hali ileile. "Na ufunguo tangu hapo hauzunguki kabisa," akaongeza.

Maneno hayo mawili, kwamba ulikwanguliwa ukashika kidogo, na kwamba ufunguo nao umegoma, yalinitosha kuhisi tatizo liko wapi kabla hata sijafungua mkoba wa vifaa. Lakini kuhisi hakutoshi. Mlango una njia yake ya kukuonyesha unakwama wapi, na njia hiyo inachukua dakika mbili. Wengi tunairuka, tunakimbilia tupa, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Kwanza tukubaliane majina. Ulimi ni kile kipande kilichochongwa mshazari kinachotoka kwenye kitasa na kurudi ndani unapobonyeza mkono wa kitasa. Komeo ni kile cha mraba kinachotoka unapozungusha ufunguo; kwa vitasa vyetu vingi vya kuchimbia kiko chini ya ulimi. Kibati ni lile bamba jembamba lililofungwa kwenye fremu kwa skrubu mbili, lenye matundu mawili, la juu la ulimi na la chini la komeo. Wengine huliita pleti.

Anza mlango ukiwa wazi

Kabla ya kuilaumu fremu, hakikisha kitasa chenyewe ni kizima. Fungua mlango wazi, sukuma ulimi ndani kwa kidole gumba, kisha uachie. Unatakiwa uruke nje mara moja, wote. Ukitoka kwa uvivu au ukabaki nusu ndani, hakuna kibati kitakachokusaidia. Hapo sababu huwa kutu, rangi iliyomwagikia ulimi, au springi iliyochoka. Kwa sisi wa pwani hewa ya chumvi huimaliza springi mapema. Jaribu pia kulegeza skrubu za mkono wa kitasa robo mzunguko. Zikikazwa kupita kiasi hubana mhimili wa mkono, na ulimi unashindwa kurudi nje. Usitie mafuta ya kupikia. Yanaganda, yanakamata vumbi, na baada ya miezi michache ulimi unakuwa mzito kuliko mwanzo. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Angalia pia mshazari wa ulimi unaelekea wapi. Mlango unapofungwa, upande wa mshazari ndio unaotakiwa kukutana na kibati kwanza, uteleze, ndipo ulimi uingie. Nimeshakuta kitasa kimebadilishwa, kipya kikafungwa na ulimi wake umegeukia upande wa pili, na watu wa nyumba wakaishi mwaka mzima wakifunga kwa kubonyeza mkono wa kitasa. Vitasa vingi vinaruhusu ulimi kugeuzwa. Fungua uugeuze, kazi imeisha.

Mlango wa Makorora ulipita jaribio hili. Ulimi uliruka nje kama mpya. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye kukutana kwa ulimi na tundu lake.

Alama ya ulimi

Bandika selotepu juu ya kibati chote, ufunike na tundu la ulimi. Paka ncha ya ulimi rangi ya mdomo, au mkaa uliosagwa ukachanganywa na tone la mafuta ya mgando. Bonyeza mkono wa kitasa ili ulimi uingie ndani, funga mlango mpaka uegemee fremu kabisa, kisha uachie mkono taratibu. Ulimi utatoka na kugonga selotepu. Bonyeza tena, fungua, uangalie. Umepata picha kamili ya mahali ulimi unapofika ukilinganisha na mahali tundu lilipo.

Alama ikiwa imeshuka chini ya tundu, mlango umelala. Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa Makorora.

Alama ikiwa kwenye usawa sahihi kwa juu na chini lakini imekaa kando, upande ule mlango unakofungukia, maana yake mlango hauingii ndani ya fremu vya kutosha. Dalili yake nyingine ni kwamba ukiusukuma kwa bega unashika. Kwenye fremu zetu za mbao mlango huegemea mkato uliochongwa kwenye fremu yenyewe, na nyumba inapopakwa rangi kila Idi au kila Krismasi, tabaka hujazana kwenye huo mkato mpaka mlango unakosa milimita moja au mbili za kuingia. Kwangua rangi hiyo kwa patasi kabla ya kitu kingine chochote. Mlango wenyewe ukiwa umepinda, ubao umejikunja, basi kukwangua hakutatosha na itabidi kibati kisogee.

Kama hakuna alama kabisa, ulimi haufiki. Nafasi kati ya mlango na fremu imekuwa kubwa, mara nyingi kwa sababu mtu aliranda mlango wakati wa masika ulipokuwa umevimba, kiangazi kilipofika mbao ikanywea. Ubao huvimba na kunywea kwa upana, kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mlango uliovimba kwa mvua hukwaruza fremu pembeni, lakini hauushushi ulimi. Dawa ya nafasi kubwa ni kuchomeka kipande cha boksi gumu nyuma ya kibati kikasogea mbele, au nyuma ya bawaba zote ili mlango mzima usogee upande wa kitasa.

Na kuna hali moja inayodanganya: alama imekaa sawasawa katikati ya tundu, lakini mlango haushiki. Toa selotepu, uchomeke penseli kwenye tundu. Mara nyingi utakuta fundi alichimba kidogo tu nyuma ya kibati, au plasta ya ukuta imejaa humo. Linganisha kina hicho na urefu wa ulimi ukiwa nje. Kikiwa pungufu, chimba.

Kwa nini mlango unalala

Nirudi kwenye alama iliyoshuka. Pale Makorora ilikuwa milimita 2 chini ya ukingo wa tundu. Ukumbuke kijana alikuwa ameshakwangua ukingo huo, na nilipopima makwaruzo yake nikakuta ameondoa kama milimita 2 nyingine. Kwa hiyo tangu mlango ufungwe mara ya kwanza, ulimi ulikuwa umeshuka jumla ya milimita 4. Na kwa kuwa alikwangua tundu la ulimi tu, komeo la chini lilibaki likigonga chuma. Ufunguo usingezunguka hata ungemwagiwa mafuta chupa nzima.

Mlango wa mninga ni mzito, na uzito wote unavuta bawaba ya juu kwenda nje huku ukiisukuma ya chini kwenye fremu. Bawaba ya juu ikilegea, mlango unainama kuelekea kwenye kitasa. Utaliona hilo kwa macho ukisimama mbele ya mlango uliofungwa: uwazi wa upande wa kitasa unabanwa juu na kupanuka chini, na upande wa bawaba ni kinyume chake, umepanuka juu. Kona ya juu ya upande wa kitasa mara nyingi imechubuka rangi. Pale palikuwa pamechubuka mpaka mbao nyekundu inaonekana.

Nikaushika mkono wa kitasa nikaunyanyua mlango juu taratibu, huku mtoto wa nyumba akiangalia bawaba ya juu. "Inacheza," akasema. Kati ya bamba la bawaba na fremu niliweza kuchomeka njiti mbili za kiberiti zikiwa zimelazwa pamoja, yaani kama milimita 4. Skrubu mbili kati ya nne zilikuwa zinazunguka bila kukaza.

Hapa kuna hesabu ndogo inayosaidia. Mlango ule ulikuwa na upana wa sentimita 80, na kutoka bawaba ya juu hadi ya chini ni kama sentimita 160. Upana ukiwa nusu ya umbali huo, ulimi hushuka nusu ya kile bawaba ya juu inachotoka. Bawaba imetoka milimita 4, basi ulimi umeshuka 2. Lakini mimi nilikuwa natafuta 4. Nyingine 2 zilikwenda wapi?

Zilikuwa kwenye viungo vya bawaba zenyewe. Nilipoangalia pale mirija ya bawaba inapopandiana, nikaona unga mweusi umeshuka kwenye mbao chini yake. Huo ni chuma kilichosagana kwa miaka. Mirija ikilika, mlango mzima hushuka wima, bila kuinama, na kila milimita inayolika ni milimita nzima kwenye ulimi. Skrubu hazirekebishi hilo.

Bawaba kwanza

Watu wakiulizwa kuhusu skrubu zinazozunguka hujibu: weka ndefu zaidi. Ushauri wa skrubu ya inchi 3 unafaa nyumba ambazo nyuma ya fremu kuna nguzo ya mbao. Nyumba zetu nyingi ni za tofali. Fremu ya mbao ya inchi 2, ikishakatwa mkato wa mlango, inabakiwa na kama inchi moja na nusu pale bawaba inapokaa. Skrubu ndefu kuliko hapo inaingia kwenye plasta, inapasua plasta, na haishiki chochote.

Kinachoshika ni mbao mpya. Tegemeza mlango kwa kabari chini, upande wa kitasa, uzito utoke kwenye bawaba. Toa skrubu zinazozunguka. Chonga vijiti vya mbao ngumu viingie kwa kubana kwenye matundu, vipake gundi nyeupe ya mbao, vigonge kwa nyundo mpaka vikome, kisha vikate usawa na fremu. Njiti za kiberiti nazo hutumika, lakini kwa mlango mzito hazidumu. Kwa mlango huu nilitumia vipande vya mninga uleule. Acha gundi ikauke mpaka kesho yake. Mama alitaka nimalize siku ileile, nikamwomba avumilie usiku mmoja, kwa sababu skrubu ikiingia kwenye gundi mbichi inasukuma kijiti badala ya kukishika.

Asubuhi nilitoboa kwa keekee tundu la milimita 3 kwa skrubu namba 8, nikasugua skrubu kwenye kipande cha sabuni ziingie bila kukatika, nikakaza kwa mkono. Bawaba ikalala bapa kwenye fremu. Kona ya juu iliyokuwa inachubuka ikaacha kugusa.

Nikarudia selotepu na mkaa. Ulimi ulikuwa umepanda milimita 2 kamili. Sasa ulikuwa unaingia kwenye lile tundu lililokwanguliwa, kwa kukwaruza chini, na ukishaingia mlango unashika. Mama alifurahi akaanza kunishukuru. Lakini ufunguo ulikuwa bado umegoma, kwa sababu tundu la komeo lilikuwa bado milimita 2 juu kuliko komeo.

Ungekuwa mlango wenye tundu moja tu, na alama imekosea kwa milimita moja, hapo ndipo tupa bapa ingekuwa halali: unakaza kibati kwenye jiliwa, unakwangua ukingo mmoja, unapaka rangi kidogo kwenye chuma kilichobaki wazi kisile kutu, unarudisha. Kwa milimita 2 na matundu mawili sikwangui. Kijisehemu cha chuma kinachotenganisha ulimi na komeo kinakuwa chembamba, na siku mlango ukipigwa teke kinapinda. Kibati kinahamishwa.

Kukihamisha kibati

Kabla ya kukitoa, nilichora kwa penseli mstari kwenye fremu kufuata kingo zake zote nne. Kisha nikachora mstari wa pili milimita 2 chini ya ukingo wa chini. Hiyo ndiyo kazi nzima: kibati kishuke mpaka mstari wa pili, kisiende mbele wala nyuma. Alama ya mkaa ingekuwa pia imekaa kando, ningehamisha kwa pande mbili kwa pamoja, lakini pale kukwangua rangi ya kwenye mkato kulitosha.

Toa kibati. Pita kwenye mstari mpya kwa kisu kikali, ukandamize, ili nyuzi za mbao zikatike kabla ya patasi kuingia. Ukianza na patasi kwenye mninga mkavu, mbao inachanika mpaka nje ya mstari. Kisha kwa patasi ya nusu inchi, upande bapa ukitazama mstari, ondoa kile kipande chembamba kwa kina cha unene wa kibati tu. Jaribu kibati kila baada ya mikato miwili. Kikikaa juu ya uso wa fremu, mlango utakikwaruza. Kikizama, ulimi utakosa kiasi cha kushika, na itabidi ukiinue kwa kipande cha boksi.

Tundu za mbao nyuma ya kibati nazo zishushwe milimita 2, ya ulimi na ya komeo. Hili husahauliwa sana. Kibati kinahamishwa vizuri, halafu komeo linagonga mbao iliyobaki chini yake, na fundi anaanza kushangaa kwa nini ufunguo unaishia nusu.

Sasa skrubu. Matundu mapya yako milimita 2 tu kutoka kwa ya zamani, na skrubu ina tabia ya kutelezea kwenye tundu la zamani na kukivuta kibati kirudi kilikotoka. Unaweza kufanya kazi ya saa nzima na skrubu ya mwisho ikaiharibu yote. Kwa hiyo matundu ya zamani yazibwe kwa vijiti na gundi, kama ya bawaba. Mimi niliyaziba jioni iliyotangulia, nilipokuwa ninaziba ya bawaba, nikakirudisha kibati kwenye nafasi yake bila skrubu, kwa sababu nilishajua kutokana na ule unga mweusi kwamba kibati lazima kitahama. Kama huna uhakika huo, funga kwanza kwa skrubu moja, jaribu mlango, kisha ndiyo uzibe.

Juu ya kibati ulibaki mfereji mtupu wa milimita 2. Niliuziba kwa uzi wa mbao uliopakwa gundi, nikapiga msasa. Bila hivyo maji ya kudeki na vumbi hukaa humo.

Kabla ya kukaza kabisa nilirudia alama mara ya tatu. Ulimi ulikaa ndani ya tundu, ukibaki na nafasi chini yake, ile ambayo kijana aliikwangua, isiyodhuru kitu. Komeo likatoka lote. Nikachomeka karatasi kati ya mlango na mkato wa fremu, nikafunga, nikaivuta: ilitoka kwa kubanwa kidogo. Ingetoka bila kubanwa kabisa, mlango ungekuwa unagongagonga upepo ukivuma, na dawa yake ni kukisogeza kibati milimita moja kuelekea kwenye mkato. Ingechanika, ulimi ungekuwa umebanwa, na mkono wa kitasa ungekuwa mzito kubonyeza.

Kwa fremu za chuma za kuchomelea njia ni fupi zaidi, kwa sababu tundu limekatwa kwenye chuma chenyewe na hakuna kibati cha kuhamisha. Unarekebisha bawaba, kisha unapanua tundu kwa tupa kadiri alama inavyokuonyesha. Likikosea sana, mtafute wa kuchomelea.

Sikubadilisha bawaba zile. Zimelika, na zitaendelea kulika, nikamwambia mama hivyo waziwazi. Tone la grisi kwenye kila kiungo litapunguza kasi, na siku alama ikishuka tena milimita 2 itabidi anunue seti mpya ya bawaba tatu za inchi 4, wala asimruhusu mtu kukikwangua au kukishusha tena kibati. Akichukua bawaba mpya, mlango utapanda na kibati itabidi kirudishwe juu kwa kiasi kilekile. Mstari wangu wa kwanza wa penseli nimeuacha pale upande mmoja, chini ya rangi unaonekana kwa kuukaribia.

Akachukua ufunguo mwenyewe, akafunga, akafungua, akafunga tena. Kile kiti akakirudisha jikoni.